Viwanda viwili vya barafu Mikindani: kwa nini bei inatulia katikati

Barafu inafaa kuelezea hesabu ya Cournot, ile ya wauzaji wachache wanaoamua kiasi kabla ya bei, kuliko bidhaa nyingi, na huku kwetu pwani ya Mtwara kila mwenye chombo anaijua shughuli yake. Bonge linagandishwa usiku, na likishatoka asubuhi lazima liuzwe, maana jua la saa nne halina mjadala. Kwa hiyo mwenye kiwanda anaamua kiasi kwanza, jioni, bila kujua mwenzake kajaza maji kiasi gani. Bei inakuja baadaye, wavuvi na wachuuzi wa samaki wanapofika. Antoine Augustin Cournot, Mfaransa, alipoandika mwaka 1838 alitumia mfano wa wauzaji wawili wa maji ya chemchemi ya madini. Utaratibu ni uleule: kila mmoja anachagua kiasi, soko linatoa bei.

Tuweke viwanda viwili vya kubuni Mikindani, kimoja cha Asha na kingine cha Bakari. Namba ni za kukokotolea tu. Jumla ya mabonge ya siku tuiite Q, na bei itakayoyamaliza yote, kwa shilingi, iwe hii:

```
P = 14000 - 20Q
```

Yaani kila bonge linaloongezeka linashusha bei ya mabonge yote kwa shilingi 20. Umeme na maji ya bonge moja ni shilingi 2,000 kwa kila kiwanda. Pango na bei ya mashine tunaviacha pembeni. Hivyo vinaamua kama kiwanda kiendelee au kifungwe, haviamui ugandishe mangapi usiku wa leo.

Tuanze na ukiritimba: viwanda vyote viwili ni vya Asha. Akigandisha mabonge 300, bei ni 8,000. Je, aongeze la 301? Bonge hilo linampa takriban 6,000 baada ya kutoa gharama. Lakini linashusha bei kwa 20 kwenye mabonge yake yote 300, anapoteza 6,000. Faida na hasara zimelingana, anaishia hapo. Faida ya siku ni 1,800,000.

Sasa kiwanda kimoja kirudi kwa Bakari, na wakubaliane kwa maneno kwamba kila mmoja atoe 150. Bei bado ni 8,000, kila mtu anapata 900,000. Mwulize Asha swali lilelile la bonge moja zaidi. Linampa 6,000 kama kawaida, ila hasara ya bei inayomhusu ni 20 mara 150, yaani 3,000. Ile 3,000 nyingine imeangukia kwa Bakari, na Asha haihesabu kwa sababu haitoki mfukoni mwake. Basi anaongeza. Bakari naye jioni hiyohiyo anapiga hesabu ileile, na makubaliano yanavunjika hata bila ugomvi.

Wataongeza mpaka wapi? Kila mmoja anasimama pale ambapo faida ya bonge la mwisho imelingana na hasara ya bei kwenye mabonge yake mwenyewe. Mabonge ya Asha tuyaite qA na ya Bakari qB. Ukiiandika kwa Asha unapata P − 2000 = 20 × qA, na ukiweka bei kwa urefu wake inabaki:

```
qA = 300 - qB/2
qB = 300 - qA/2
```

Huu ndio mstari wa jibu bora: mwenzako akitoa kiasi fulani, kiasi gani kinakufaa wewe. Bakari akitoa 150, jibu bora la Asha ni 225. Asha akitoa 225, la Bakari ni karibu 188. Endelea hivyo na namba zinajikusanya kwenye 200 kwa 200. Hapo jumla ni 400, bei ni 6,000, na kila mmoja anapata 800,000. Kagua: bonge la ziada linampa Asha 4,000, na hasara yake ni 20 mara 200, ambayo nayo ni 4,000. Hakuna anayetaka kusogea.

Kosa ninaloliona zaidi kwenye madaftari ni mwanafunzi kuweka qA = qB tangu mwanzo, ndipo atafute kiasi chenye faida kubwa. Anapata 150 kila mmoja na kushangaa kwa nini si 200. Kwa kufanya hivyo amewalazimisha Asha na Bakari wasogee pamoja kama mtu mmoja, akarudi kwenye ukiritimba. Tafuta kwanza jibu bora la kila mmoja huku kiasi cha mwenzake kikiwa kimeshikiliwa, halafu ndipo uvilinganishe.

Upande wa pili ni ushindani kamili. Huko wauzaji ni wengi na wadogo, na hakuna anayeona bei ikitikisika kwa bonge lake, kwa hiyo hasara ya bei anayoihesabu ni karibu sifuri. Wanaongeza mpaka bei ifike kwenye gharama: mabonge 600 kwa shilingi 2,000. Asha na Bakari hawafiki huko. Wangekuwa kwenye 300 kwa 300, Asha akipunguza bonge moja hapotezi chochote, maana lilikuwa halina faida, na bei ya mengine yote inapanda. Kwa hiyo mkiritimba anahesabu hasara yote ya bei, muuzaji mdogo haihesabu kabisa, na hawa wawili kila mmoja anahesabu nusu. Akija wa tatu mwenye gharama ileile, kila mmoja atahesabu theluthi: jumla 450, bei 5,000. Wakiwa tisa ni 540 kwa 3,200.

Sasa kuna mtego kwa anayechunguza soko kutoka nje. Tuseme umekuta Asha anauza 225, Bakari 150, na bei ni 6,500. Je, kuna makubaliano yaliyovunjwa na upande mmoja? Inawezekana. Lakini namba hizohizo zinatokea pia bila makubaliano yoyote kama Bakari anatumia jenereta na bonge linamgharimu 3,500. Kiasi na bei peke yake havitakuambia, tafuta gharama. Kwa Bakari, 20 mara 150 ni 3,000. Kama gharama yake ni 3,500, faida ya bonge ni 3,000 pia, kwa hiyo anajitafutia kilicho bora kwake. Kama ni 2,000, faida ya bonge ni 4,500 na bado anajizuia kuongeza. Huyo ndiye wa kuulizwa anamwekea nani ahadi, kwani kupanga kiasi kati ya washindani kunakatazwa na Sheria ya Ushindani ya 2003.

Yote haya yanasimama juu ya kwamba kiasi kinafungwa jioni. Mwanahisabati Joseph Bertrand alilipinga hilo mwaka 1883: wauzaji wakitangaza bei badala ya kiasi, na kila mmoja akiwa na uwezo wa kuhudumia soko zima, wawili tu wanatosha kuishusha mpaka 2,000. Mwaka 1983 wanauchumi Kreps na Scheinkman walionyesha kwamba, kwa masharti fulani, wakichagua kwanza uwezo wa kiwanda na baadaye washindane kwa bei, jibu linarudi kuwa la Cournot. Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu, hesabu kiwanda kinaweza kugandisha mabonge mangapi kwa usiku mmoja. Kama cha Asha kinatoa 200 na hakiwezi zaidi, kutangaza bei ya chini saa kumi na mbili asubuhi hakumpatii mteja wa 201.