Kuingia Bitkoini bei inaporudi: dhana potofu na ukweli kuhusu levo za Fibonachi

Tutumie mpando mmoja tu mwanzo hadi mwisho. Novemba 4, 2024, siku moja kabla ya uchaguzi wa Marekani, Bitkoini ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 67,000. Novemba 22 ikafika takriban 99,600. Namba hutofautiana kidogo kati ya soko na soko, kwa hiyo hapa tumezikadiria. Aliyekuwa nje alibaki na swali moja: nisubiri bei irudi mpaka wapi?

Levo za Fibonachi ni bei za kati ya msingi na kilele ambako wengi hutarajia bei igeuke, na hesabu yenyewe ni nyepesi:

```
levo = kilele - (kilele - msingi) x uwiano
```

Kutoka msingi wa 67,000 hadi kilele cha 99,600, mpando ulikuwa wa dola 32,600. Uwiano wa 0.236 unatoa 91,900, wa 0.382 unatoa 87,150, nusu ni 83,300, na 0.618 ni 79,450. (Nusu haitokani na mfululizo wa Fibonachi. Imewekwa kwa sababu watu wengi huitazama, basi.)

Dhana: bei lazima irudi hadi 0.618, hiyo ndiyo levo ya dhahabu.

Hakuna lazima yoyote. Mpando ukiwa mkali, maana yake wanunuzi ni wengi na wana haraka, na walioachwa nyuma huanza kununua bei ikipungua kidogo tu. Kwa hiyo marejeo huwa mafupi. Novemba 26 bei ilishuka hadi karibu 90,800, ikapita kidogo levo ya 0.236, kisha ikageuka. Desemba 5 ikavuka 100,000 kwa mara ya kwanza katika historia yake. Aliyeweka oda yake yote 79,450 hakupata kitu.

Na dalili ilikuwepo. Katikati ya mpando huohuo, bei ilifika karibu 93,400 Novemba 13, ikarudi hadi 86,700 hivi siku mbili zilizofuata, kisha ikaendelea kupanda. Ukipima kipande hicho peke yake, nacho kilirudi takriban robo tu. Kabla ya kuchagua levo ya kusubiri, pima marejeo madogo yaliyokwisha kutokea ndani ya mpando wenyewe. Ndiyo yanayokuonyesha soko hilo linarudi kiasi gani kwa wakati huo.

Dhana: kama marejeo ni mafupi, basi dawa ni kununua kwenye 0.236 kila mara.

Hapa ndipo wengi huumia bila kujua sababu. Levo inayofikiwa mara kwa mara hulipa kidogo, na inayolipa vizuri haifikiwi mara kwa mara. Ukinunua 91,900 na kulenga kilele cha zamani, faida yako ni dola 7,700 kwa Bitkoini nzima. Sasa mahali pa kukatia hasara, yaani stopu: palipo na maana ni chini ya bonde la 86,700, kwa sababu bei ikivunja hapo, mpando umepoteza ngazi yake ya mwisho. Tuseme 84,700, ili kuacha nafasi ya tambi za mishumaa, ile mistari myembamba ya chati inayoonyesha bei ilipogusa kwa muda mfupi. Hasara yako ni 7,200. Unahatarisha karibu sawa na unachotafuta. Ukinunua 87,150 na stopu ileile, hasara ni 2,450 na faida ni 12,450, yaani mara tano. Lakini Novemba ile 87,150 haikufikiwa.

Njia inayofanya kazi ni kugawa oda na kuhesabu hasara ya zote mbili kwa pamoja kabla ya kubonyeza chochote. Chukua akaunti ya dola 1,000 ambayo mwenyewe hataki kupoteza zaidi ya asilimia moja, yaani dola 10. Anaweka oda ya `Limit`, inayonunua bei ikifika pale alipotaja, ya Bitkoini 0.001 kwenye 91,900, na nyingine ya 0.001 kwenye 87,150. Zote zikijaa na stopu ya 84,700 ikaguswa, ya kwanza inapoteza dola 7.20 na ya pili 2.45. Jumla ni 9.65, kabla ya makato ya soko. Fedha iliyotumika ni dola 179 tu kati ya 1,000, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: ukubwa wa oda unatoka kwenye umbali wa stopu, hautoki kwenye hamu.

Kilichotokea ni kwamba oda ya kwanza ilijaa Novemba 26, ya pili haikujaa. Bei iliporudi 99,600, mtu huyu alikuwa na faida ya dola 7.70. Si nyingi, ila alikuwa ndani, na kwa hesabu aliyoijua tangu mwanzo.

Dhana: stopu ikae chini kidogo tu ya levo, ili hasara iwe ndogo.

Levo ni eneo. Usiitazame kama ukuta. Aliyenunua 91,900 akaweka stopu 91,500 alitolewa Novemba 26, kisha akatazama bei ikipanda bila yeye. Akirudia mpango uleule, alikuwa hatarini tena usiku wa Desemba 5: baada ya kugusa zaidi ya 103,000, bei iliporomoka ghafla, na kwenye baadhi ya masoko utambi ulifika chini ya 91,000 kabla ya kupanda tena. Mporomoko wa namna hiyo hulishwa na walionunua kwa levereji, yaani kwa fedha za mkopo: dhamana yao ikiisha, soko huwafunga kwa lazima, kila kufungwa ni oda ya kuuza, na oda hiyo inamwangusha anayefuata. Stopu iliyobanwa kwenye mstari unaoonekana na kila mtu huliwa mapema sana. Ukiona stopu sahihi iko mbali mno, punguza kiasi cha sarafu, usiisogeze stopu.

Dhana: ukishachora, levo ni zilezile.

Kila kilele kipya kinahamisha levo zote. Aliyechora Novemba 13 alikuwa na 0.382 kwenye 83,300. Siku tisa baadaye levo hiyohiyo ilikuwa 87,150. Futa, chora upya, hamisha oda. Angalia pia skeli ya chati: ukichora kwa skeli ya logi, inayopima mabadiliko kwa asilimia badala ya dola, na kuagiza zana ihesabu kwa logi, 0.618 ya mpando huu inashuka kutoka 79,450 hadi karibu 77,950. Chagua moja ubaki nayo.

Jambo linalosahaulika zaidi ni oda iliyoachwa. Bei ilifika 79,450 kweli, ila mwishoni mwa Februari 2025, baada ya kuwa imepanda hadi karibu 109,000 Januari 20. Hayo hayakuwa tena marejeo ya mpando wa Novemba; lilikuwa soko linaloshuka, na Aprili 7 likafika karibu 74,500. Aliyeacha oda ya `GTC`, inayokaa wazi mpaka ijae au ifutwe, hapo tangu Novemba alinunua kwa mpango uliokwisha kufa. Kilele cha zamani kikivunjwa kwenda juu kabla oda yako haijajaa, ifute siku hiyohiyo.