Fundo Si Kosa, Kosa Ni Lilipokaa

Mtazame mtu anayenunua mbao za kenchi kwa mara ya kwanza. Macho yake yanatafuta fundo tu. Akiliona, mbao inarudi kwenye rundo. Akipata nyeupe isiyo na doa anaiweka kando bila hata kuigeuza, na mara nyingi ndiyo hiyo itakayomsumbua. Kwenye mbao za msonobari, kama zinazoshuka kutoka Mufindi mkoani Iringa, kila tawi limeacha fundo lake. Ukikataa kila fundo, utatoka yadini mikono mitupu.

Dhana: mbao yenye fundo haifai kubeba mzigo.

Ukweli ni kwamba uangalie kwanza fundo limekaa wapi. Chukua mbao ya mbili kwa nne iliyosimamishwa kwa ubavu. Mzigo ukiikalia, nyuzi za ukingo wa juu zinabanwa na za ukingo wa chini zinavutwa, lakini za katikati hazifanyi kazi kubwa. Sasa tuseme kuna fundo la inchi 1 lililopenya unene wote, na limedondoka likaacha tundu. Likiwa katikati kabisa ya zile inchi 4, nguvu ya kuhimili kupinda inapungua kwa chini ya asilimia 2. Likiwa ukingoni, umebakiwa na inchi 3, na kwa kuwa nguvu hiyo hufuata kimo mara kimo, unalinganisha 9 na 16. Karibu asilimia 44 imekwenda! Na hapo sijahesabu nyuzi zinazolizunguka fundo. Hizo hukata kona, na ufa huanzia papo hapo.

Kisha ligonge kwa nyundo. Fundo hai limeshikana na mbao pande zote na halitikisiki. Fundo mfu limezungukwa na pete nyeusi ya gome, na mbao ikikauka hulegea.

Siku moja nilimwona fundi akikataa mbao ya futi 12 kwa sababu ya fundo la inchi 1 na nusu ukingoni, futi 4 kutoka mwisho. Kwa boriti ndefu alikuwa sahihi. Lakini alihitaji pia vipande vifupi vya katikati ya kenchi. Ukikata nusu futi kila upande wa fundo, unapata kipande cha futi 7 na nusu na kingine cha futi 3 na nusu, vyote safi, na unachotupa ni futi 1 tu. Daraja la ubora wa mbao linategemea kipande unachokwenda kukitumia.

Dhana: nyufa zote ni za kukauka, hazina neno.

Chuchumaa uangalie kichwa cha mbao, pale msumeno ulipokata. Ufa unaotoka kwenye kiini kuelekea nje, ukikatiza miduara ya mti, mara nyingi ni wa kukauka. Vichwa hukauka haraka kuliko katikati, ndiyo maana hupasuka. Aghalabu unakata kipande cha mwisho na mambo yanaisha. Ufa unaopinda kama mwezi mchanga, ukifuata mduara, ni habari nyingine: huo mti ulikuwa nao ungali umesimama, au uliupata ulipoanguka. Haukuoneshi umeishia wapi, na unaweza kwenda mbali ndani ya mbao. Ukiukuta, usiitumie mbao hiyo kwa kenchi, hata kwa bei ya kutupa.

Dhana: mbao iliyopinda, misumari itainyoosha.

Inategemea imepinda vipi. Iinue kichwa kimoja hadi usawa wa jicho, fumba jicho la pili, tazama hadi mwisho. Ikiwa imebonyea kwa ubapa, kama upinde uliolazwa, mbao nyembamba hukubali kuvutwa na misumari. Ikiwa imepinda kwa ubavu, mbao ya mbili kwa nne haitakubali, na bati juu yake litaonesha wimbi. Iliyosokoteka, yaani kona moja imeinuka zikiwa tatu zimelala, iache. Ukiilazimisha itang'oa misumari. Angalia pia kama kiini cha mti kimepita ndani yake. Mbao ya karibu na kiini hufupika kwa urefu inapokauka kuliko ya nje, kwa hiyo iliyonyooka leo ikiwa mbichi inaweza kupinda ikishapigwa juu.

Kuhusu ukingo wenye ganda, wengi hudhani mbao imeoza. Hapana, ni upande wa nje wa gogo tu, msumeno haukufika. Bambua gome, maana wadudu hujificha humo, na hakikisha msumari utapata mbao ya kutosha. Kwenye sehemu iliyofichika haina shida, ila usiilipie bei ya mbao kamili.

Kila mbao igeuze pande zote nne na vichwa vyote viwili kabla ya kuipa daraja. Kwa kazi ya kubeba mzigo, mbao inahesabiwa kwa pale ilipo dhaifu kuliko kote, hata kama pande nyingine tatu zinang'aa.