WebP ni nini, na kilobaiti unazookoa zinakugharimu nini

WebP ni aina ya faili ya picha iliyotangazwa na Google mwaka 2010, ikiwa na lengo moja: picha ileile ichukue kilobaiti chache kuliko ikihifadhiwa kama JPEG au PNG. Vivinjari vyote vikubwa vinaifungua leo. Safari ndiyo iliyochelewa zaidi, ikaja kuikubali mwaka 2020 katika toleo la 14. Kwa hiyo wasiwasi wa kwamba mgeni wa tovuti hataiona picha umebaki kwa wachache wenye vifaa vya zamani sana. Swali lililobaki ni la picha moja moja: je, kinachookolewa kinalingana na kinachopotea?

Jambo la kwanza la kulijua ni kwamba jina ni moja lakini ndani kuna njia mbili za kubana. Njia moja haipotezi chochote kinachoonekana. Hiyo ni ya nembo, grafu, michoro na picha za skrini, yaani vitu ambavyo kwa kawaida huhifadhiwa kama PNG. Kwa `cwebp`, programu ya kubana WebP kwa amri, inaandikwa hivi:

```
cwebp -lossless grafu.png -o grafu.webp
```

Hapo hakuna la kupima kwa jicho. Kila pikseli unayoiona inabaki vilevile, faili kwa kawaida inapungua, na isipopungua unabaki na PNG yako. Kazi imeisha.

Njia ya pili ndiyo yenye upotevu, na ndiyo inayotumika kwa picha za kamera. Imetokana na mfumo wa video uitwao VP8, kwa hiyo picha yako inabanwa kana kwamba ni fremu moja ya video. Picha hugawanywa kuwa miraba midogo. Kila mraba unakisiwa kutokana na majirani zake wa juu na wa kushoto, kisha inahifadhiwa tofauti tu kati ya makisio na picha halisi. Tofauti hiyo nayo hukadiriwa, na namba ya ubora unayoiandika, kuanzia 0 hadi 100, ndiyo inayoamua makadirio yawe makali kiasi gani. Mwishoni mipaka ya miraba hulainishwa ili isionekane.

Kulainisha huko ndiko kunakoifanya WebP ipoteze kwa namna yake. JPEG iliyobanwa kupita kiasi hujishtaki yenyewe: unaona miraba kwenye anga na vidoa vikizunguka kingo za herufi. WebP iliyobanwa kupita kiasi huonekana safi. Ngozi inakuwa kama nta, majani yanakuwa kama yamepakwa kwa brashi, nyuzi za kitambaa zinayeyuka na kuwa rangi tupu. Jicho likiangalia haraka linasema picha ni nzuri, kwa sababu hakuna uchafu. Kwa hiyo ukikagua WebP usitafute kasoro iliyoongezeka, tafuta kilichotoweka. Mimi huchagua mahali patatu kabla ya kubana, kwa mfano nyusi, mshono wa nguo na mawingu, kisha naangalia hapohapo baada ya kubana.

Tuchukue picha moja tuifuate mpaka mwisho. Ni picha ya mzee aliyevaa sweta la kufuma, imepigwa kwa simu, ina upana wa pikseli 4000 na uzito wa megabaiti 3.4. Kwenye ukurasa itaonyeshwa kwa upana wa 600. Skrini nyingi za simu hutumia pikseli mbili au zaidi mahali ambapo ukurasa unahesabu moja, kwa hiyo tunahitaji upana wa 1200, na zaidi ya hapo hakuna atakayeiona tofauti. Tuseme pia mgeni ana mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde, ambao unapitisha takriban kilobaiti 250 kila sekunde. Picha ya asili ingemchukua sekunde 13 na nusu hivi.

Tuipunguze upana tu, ibaki JPEG ya kawaida, na tuseme imefika kilobaiti 210. Sasa inafika kwa chini ya sekunde moja. Tukiibana kama WebP kwa ubora wa 75 inashuka hadi kilobaiti 140. Tumeokoa kilobaiti 70 nyingine, ambazo ni robo ya sekunde na ushei. Angalia uwiano huo vizuri: karibu sekunde 13 zimetokana na kupunguza upana, na robo ya sekunde imetokana na WebP. Sifa nyingi inazopewa WebP kwamba imeifanya tovuti iwe nyepesi ni sifa za hatua ya kwanza, ambayo mtu angeweza kuifanya bila kubadili aina ya faili kabisa. Hata hivyo robo ya sekunde kwa picha kubwa ya juu ya ukurasa ni kitu halisi, na kwa ubora wa 75 nyuzi za sweta bado zipo. Hapo nabadilisha bila kusita.

Tukishuka hadi ubora wa 60, faili inakuwa kilobaiti 105. Asilimia inavutia, kwani sasa tumefika nusu ya JPEG. Lakini kulinganisha na JPEG si sahihi tena, kwa sababu akiba ile ya kwanza tayari tunayo mkononi. Hatua hii mpya imetupa kilobaiti 35, yaani sekunde 0.14, na bei yake ni sweta lililogeuka kuwa kitambaa laini na mikunjo ya uso iliyofutika. Mgeni hatahisi sekunde hiyo 0.14, lakini uso wa yule mzee ndio aliokuja kuutazama. Naacha kwenye 75. Kama ingekuwa picha ya nyuma ya maandishi, yenye ukungu na rangi chache, ningeshuka hadi 60 na hata chini zaidi, maana hapo hakuna cha kufutika.

Usiichukue 75 kama namba takatifu, na usiilinganishe na 75 ya JPEG. Vipimo hivyo viwili havifanani, vimepewa tu mizani inayoitwa kwa jina moja. Hesabu ya kufanya ni ileile kila mara: hatua hii moja imeniokolea kilobaiti ngapi, na zinafutika wapi? Kijipicha cha kilobaiti 12 kikishuka hadi 8 hakijaleta chochote kikiwa peke yake. Vikiwa 40 kwenye ukurasa mmoja, ni kilobaiti 160, na hapo inafaa.

Kulinganisha nako kuna namna yake. Fungua picha mbili kwenye vichupo viwili vya kivinjari, kwa ukubwa uleule zitakaotumika, kisha rukaruka kutoka kimoja hadi kingine bila kusogeza ukurasa. Kitakachocheza ndicho kilichobadilika. Kuikuza mara nne na kutafuta kasoro kunakufanya ukatae faili nzuri kwa sababu ya kitu ambacho hakuna atakayekiona.

Mtego mkubwa zaidi ni wa picha ambayo tayari imeshabanwa. Mtu ana folda ya JPEG zilizowahi kupita kwenye programu ya kutuma ujumbe au kwenye tovuti nyingine, na anazipitisha zote kwenye WebP. Zile alama za miraba na vidoa vilivyoachwa na JPEG, kwa WebP ni maelezo kama maelezo mengine, na inatumia kilobaiti kuyahifadhi. Matokeo ni mawili tu. Ukiweka ubora wa juu, WebP inaweza kutoka nzito kuliko JPEG uliyoanza nayo. Ukiweka wa chini, inapungua, lakini upotevu wa pili umepandishwa juu ya wa kwanza. Na usijaribu kujiokoa kwa njia isiyopoteza: picha ya kamera iliyokuwa JPEG ikipitishwa kwenye `-lossless` kwa kawaida huvimba mara kadhaa. Programu ya ImageMagick inaweza kukukadiria JPEG yako ilibanwa kwa ubora gani:

```
magick identify -format "%Q\n" picha.jpg
```

Ikisema 90 na kuendelea, una nafasi ya kufanya kazi. Ikisema 60 au 65, tafuta ya asili. Kama ya asili haipo, mimi naiacha JPEG ilivyo, na sioni ubaya wowote kuwa na aina mbili za faili kwenye tovuti moja.

Kuna picha nyingine ambazo WebP yenye upotevu haiziwezi, hata kwa ubora wa 95. Njia hii huhifadhi mwangaza wa kila pikseli, lakini rangi huhifadhiwa moja kwa kila kundi la pikseli nne. Kwenye uso wa mtu huoni chochote. Kwenye maandishi mekundu membamba juu ya bluu, kingo zinachafuka na herufi inaonekana kama imelowa. JPEG inaweza kupangwa isipunguze rangi; WebP yenye upotevu haina chaguo hilo. Kuna `-sharp_yuv` inayopunguza tatizo, ila hailiondoi. Bango lenye maandishi ya rangi kali lipeleke kwenye `-lossless`, au bora zaidi, andika maneno kwa HTML juu ya picha.

Sasa amri yenyewe, ambayo ina jambo moja linalowashangaza wengi. Programu ya `cwebp` kwa kawaida hutupa taarifa zote zilizoambatana na picha. Ndani ya taarifa hizo mna maelezo ya simu kwamba picha isimamishwe wima, na wasifu wa rangi. Zikitupwa, picha inalala ubavu, na rangi za simu zenye wigo mpana zinapauka. Mtu akiona rangi zimepauka anadhani ni upotevu wa kubana, anapandisha ubora hadi 95, na bado zimepauka, kwa sababu kosa haliko huko. Igeuze kwanza, kisha ubaki na wasifu wa rangi:

```
magick asili.jpg -auto-orient wima.png
cwebp -q 75 -metadata icc -resize 1200 0 wima.png -o picha.webp
```

Ile sifuri inamaanisha kimo kijipange chenyewe kulingana na upana. PNG ya katikati imewekwa ili pasiwe na upotevu wa ziada njiani, ukimaliza ifute.

Mwisho ni namna picha inavyofika. JPEG inaweza kutengenezwa ionekane yote kwa ukungu mapema kisha ijisafishe kadiri data inavyoingia. WebP haina uwezo huo, inajichora kutoka juu kwenda chini. Kwenye mtandao wa polepole, picha kubwa ambayo WebP imeipunguzia asilimia 10 tu inaweza kumfanya mgeni ahisi anasubiri zaidi kuliko JPEG ya namna hiyo. Ndiyo maana kwa picha kubwa mimi sibadilishi mpaka akiba ivuke asilimia 20 hivi, huku nyusi, mshono na mawingu vikiwa bado mahali pake.