Baba yupi? Barua ya ruhusa ya msiba inavyokwama mezani kwangu

Nimekaa kwenye ofisi ya rasilimali watu miaka kumi na moja sasa, Dar es Salaam, kampuni za watu binafsi, na barua ambayo imenisumbua kuliko zote sio ya kuacha kazi wala ya kudai mshahara, ni ile ya mistari miwili inayosema "nimefiwa na baba naomba ruhusa". Inaonekana haina tatizo kabisa. Tatizo ni hilo neno baba.

Nianze na sheria kidogo, sitawachosha. Huku Tanzania Bara (Zanzibar wana sheria yao, na serikalini nako kuna taratibu zao) Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kifungu cha 34 inampa mfanyakazi siku 4 zenye malipo akifiwa. Ila sio kwa kufiwa na yeyote. Ni mume au mke, mtoto, mzazi, babu au bibi, mjukuu, na ndugu wa kuzaliwa naye. Mtoto kuumwa pia yumo humohumo. Basi, orodha imeishia hapo. Baba mkubwa hayumo, mama mdogo hayumo, mjomba, shangazi, mama mkwe, binamu mliyekula naye sahani moja mpaka mkamaliza la saba, wote hawamo. Halafu kuna kitu ambacho watu wakikisikia wananikatalia mpaka niwafungulie karatasi: hizo siku 4 sio za kila mwaka wala za kila msiba, ni za mzunguko mzima wa miezi 36. Ukizika bibi mwaka huu ukatumia zote nne, mwakani ukafiwa na mama mzazi kisheria huna hata siku moja ya kulipwa, mwajiri anaweza kukuongezea lakini hizo za ziada sheria inasema ni bila malipo. Ni ngumu, najua, na nyingi ya kampuni nilizopita zilikuwa na sera nzuri kidogo kuliko hiyo, ila usiandike barua ukitegemea huruma kabla hujajua una nini mkononi. (Wenzetu wa Kenya msicheke, sheria yenu ya ajira ya 2007 haina likizo ya msiba kabisa, mnategemea mkataba na sera ya mwajiri.)

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Oktoba 2024 kijana mmoja mtunza stoo, mtu wa Kagera, alimtumia msimamizi wake meseji ya wasap asubuhi: "Bosi shikamoo, nimefiwa na baba usiku, naomba ruhusa nikazike Bukoba, asante." Msimamizi mtu mzuri, akamjibu pole sana nenda, akanifowadia mimi na kwenye fomu akajaza mwenyewe: kufiwa na mzazi, siku 4. Mimi nilikuwa na faili la yule kijana kichwani kwa sababu mwaka uliotangulia nilishughulikia msiba wa bibi yake, nikampigia simu kabla hajafika stendi. Nikamwambia pole mdogo wangu, samahani nakuuliza swali baya wakati mbaya, baba yupi? Akanyamaza kidogo akasema "baba mkubwa dada, ila ndiye aliyenilea."

Hakudanganya. Kwa Kiswahili chetu huyo ni baba, nyumbani angemwita nini kingine? Ila karatasi haijui kulelewa. Na fikiria ingeenda vile ilivyojazwa: kampuni ilikuwa inatoa rambirambi ya mfiwa kwa mzazi pamoja na hela ya usafiri, hela ingetoka, faili lingesoma baba mzazi kafariki, halafu siku baba yake wa kumzaa akitangulia mbele za haki tunaletewa maombi ya pili ya baba. Hapo watu wa ukaguzi hawasemi ni utamaduni, wanasema ni udanganyifu, na nimeshaona mtu akiitwa kwenye kikao cha nidhamu kwa jambo la namna hii hii. Kwa hiyo kwenye barua andika uhusiano kwa urefu wake, baba mzazi, au baba mkubwa yaani kaka wa baba mzazi, dada wa baba mmoja mama mmoja, bibi mzaa mama. Maneno mawili tu ya ziada.

Tukakaa naye kwenye simu tukapiga hesabu. Aliajiriwa tarehe 1 Machi 2022, kwahiyo mzunguko wake wa miezi 36 ulikuwa unaisha Februari 2025. Kwenye msiba wa bibi alishatumia siku 3, imebaki 1, lakini hata hiyo moja haiwezi kutumika kwa baba mkubwa. Kilichobaki ni likizo ya mwaka, na alikuwa nayo siku 9. Hapo ndo nikamwambia usiombe "ruhusa", neno ruhusa halina mfuko, mtu wa mishahara akiliona hajui akate wapi, omba likizo ya mwaka kwa ajili ya msiba. Na ukumbuke likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa humohumo, sio siku za kazi tu. Barua aliyoiandika baada ya pale ilikuwa hivi, nimeondoa majina:

"Ndugu Meneja,
YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA MWAKA SIKU 7 KWA AJILI YA MSIBA
Nimefiwa na baba yangu mkubwa, kaka wa baba mzazi, usiku wa kuamkia leo tarehe 16 Oktoba 2024 huko Bukoba. Naomba siku 7 kutoka kwenye likizo yangu ya mwaka, kuanzia Alhamisi tarehe 17 hadi Jumatano tarehe 23 Oktoba 2024. Nitaripoti kazini Alhamisi tarehe 24. Funguo za stoo na daftari la kupokelea mzigo nimemkabidhi msaidizi wangu leo, na tumesaini wote wawili. Napatikana kwa namba yangu ileile, ila kijijini mtandao ni wa shida, uhakika ni jioni. Kibali cha mazishi nitakiwasilisha nikirudi."

Imeisha. Hakuna "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu" maana hicho kichwa nakiona mwenyewe, hakuna aya nzima ya kueleza marehemu alivyougua. Ule mstari wa funguo ndio uliomfanya meneja asaini bila kuuliza kitu, kwa sababu meneja akisikia msiba cha kwanza kinachompitia kichwani, hata kama hasemi, ni nani atafungua stoo kesho. Na tarehe ya kurudi iandike kama siku ya kuripoti, usiishie "hadi tarehe 23", maana mmoja anaelewa unarudi tarehe 23 mwingine anaelewa 24 na ugomvi unaanzia hapo. Kuhusu ushahidi, cheti cha kifo cha RITA hakuna anayekitegemea wiki hiyohiyo, kibali cha mazishi kinatosha, na kama mtu kafia nyumbani basi barua ya mtendaji wa kijiji yenye mhuri.

Akaenda. Jumanne tarehe 22, siku aliyotakiwa kupanda basi kurudi, malaria ikamlaza. Na hapa ndio wengi wanapoharibu, mtu anaona tayari nina ruhusa, nimeshaaga, nitaeleza nikifika. Ruhusa ina mwisho. Ikiisha na hujasema kitu wewe ni mtoro, na kukosekana kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano za kazi ni kosa linaloweza kukufukuzisha, kanuni za 2007 zinalitaja. Yule kijana kwa bahati alikuwa ameshajifunza, daktari wa pale alimwandikia mapumziko ya siku 3, ile karatasi ambayo wote tunaiita ED, kuanzia tarehe 22 hadi 24, akaipiga picha na barua ya nyongeza ikatufikia jioni ileile kwa wasap, siku moja kabla ya ile ya kwanza kuisha:

"Rejea barua yangu ya tarehe 16 Oktoba 2024 iliyonipa siku 7 hadi tarehe 23. Leo tarehe 22 nimeugua nikiwa Bukoba na daktari amenipa mapumziko ya siku 3, tarehe 22 hadi 24, nakala nimeambatanisha. Naomba siku hizo zihesabiwe likizo ya ugonjwa, na siku 2 za likizo ya mwaka zilizoingiliana nazo zirudishwe. Naomba pia siku 3 za likizo ya mwaka, tarehe 25 hadi 27, kwa ajili ya safari. Nitaripoti Jumatatu tarehe 28."

Msimamizi akaniuliza kwani si tuzikate zote kwenye likizo ya mwaka yaishe? Hapana. Sheria inamkataza mwajiri kumpa mtu likizo ya mwaka badala ya likizo nyingine anayostahili, na ya ugonjwa ni mfuko mkubwa tu, siku 126 kwenye miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu. Kwahiyo hesabu yake ikawa: zile 7 zikabaki 5, ukiongeza 3 za safari ni 8, na kwenye zile 9 akabakiwa na 1.

Angalia pia kitu kimoja, hakuandika anaumwa ugonjwa gani. Mimi nilijua malaria kwa sababu aliniambia mwenyewe. Barua inahitaji siku, sio dayagnosisi, na kwenye ED ninachotafuta ni tarehe ya kuanza na ya kumaliza, jina la daktari na namba yake ya usajili, na mhuri wa kituo. ED iliyoandikwa "apumzike" bila idadi ya siku nairudisha, na yenye tarehe iliyochongwachongwa kwa peni nyingine napiga simu kituoni. Bila ED mwajiri halazimiki kukulipa hizo siku, hata kama ulikuwa hoi kweli na kijiji kizima kilikuona.

Jumatatu tarehe 28 alifika na kibali cha mazishi na ED yenyewe halisi, nikampigia mhuri wa "imepokelewa" kwenye nakala zake akaondoka nazo. Mwisho wa mwezi mishahara ikatoka kapungukiwa siku 3, mtu wa mishahara alisoma barua ya kwanza tu. Alikuja na zile nakala mbili mkononi, hakusema sana, alinyoosha kidole kwenye mhuri, na Novemba hela yake ikarudi.