Bosi, Shika Kipanya Mwenyewe

Malalamiko tunayopokea kuhusu ulezi wa kinyume, yaani kijana kumfundisha kiongozi mwandamizi teknolojia, karibu yote yanafanana: kijana amegeuzwa karani. Anajibu barua pepe za bosi, anampakulia faili, na nywila ya bosi anaijua kwa kichwa. Huo si ulezi. Jack Welch, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Marekani ya General Electric na aliyeuvumisha utaratibu huu mwaka 1999, aliwaagiza viongozi wake wa juu wapatao 500 watafute vijana wa kuwafundisha intaneti, na yeye mwenyewe akawa mwanafunzi. Hakusema watafute wa kuwafanyia.

Utaratibu wetu ni huu. Kijana hapangiwi bosi anayemjazia tathmini, kwa sababu hatathubutu kumwambia amekosea. Wawili hao husaini makubaliano ya miezi sita, saa moja kila wiki mbili, yakiwa na kipengele cha usiri. Nywila haitolewi. Ikitolewa, aliyetoa na aliyepokea wote wana kosa la kinidhamu, na hoja ya "aliniamini" haipunguzi adhabu. Tumeshaieleza mara nyingi.

Nilihudhuria kikao kimoja. Mkurugenzi alikuwa na nakala tano za rasimu moja ya ripoti, kila mjumbe ameandika maoni kwenye yake, na hajui ipi ni ya mwisho. Kijana akamwonyesha namna ya kuweka hati moja mtandaoni na kuwagawia watu ruhusa: wa kusoma tu, wa kutoa maoni, wa kuhariri. Mkurugenzi akachagua ruhusa iliyo rahisi kuliko zote, yeyote mwenye kiungo aweze kuhariri. Kijana hakumnyang'anya kipanya. Alisema, "Mzee, nakili hicho kiungo, fungua dirisha la faragha, kibandike humo." Hati ikafunguka bila kuuliza jina wala nywila. "Sasa hapo wewe ni mgeni tu, na unaweza kufuta ukurasa mzima." Mkurugenzi akarudi mwenyewe kuandika anwani za wajumbe, mmoja mmoja. Alichukua dakika kumi na mbili. Kijana angemaliza kwa moja, na wiki inayofuata angeitwa tena.

Kisha somo likageuka. Kwenye historia ya mabadiliko kijana aliona mkurugenzi amefuta sentensi nzuri ya aya ya tatu, akauliza kwa nini. Akajibiwa kwamba kiasi kilichotajwa hakijapitishwa na idara ya fedha. Kikishaandikwa kwenye ripoti, kitanukuliwa kama ahadi. Mambo hayo hayamo kwenye mwongozo wowote wa ajira mpya.

Sisi hatukagui idadi ya vikao. Kikao kinachofuata, tunamwomba kiongozi arudie kazi ileile kijana akiwa nje ya chumba. Akikwama, kikao kinarudiwa. Akiomba kijana aitwe "mara moja tu", pia kinarudiwa.