Kubadili vitenzi hakugeuzi taarifa ya warsha

Nimeletewa tena taarifa ya warsha "iliyoboreshwa". Mwandishi aliambiwa kwamba ya kwanza imejaa shughuli na haionyeshi washiriki walijifunza nini, akaenda kuirudia. Palipoandikwa "washiriki walifundishwa" sasa pameandikwa "washiriki walijifunza". Palipokuwa na "mada iliwasilishwa" pana "uelewa wa washiriki uliongezeka". Mpangilio ni uleule wa ratiba, kuanzia ufunguzi hadi picha ya pamoja.

Imani inayozaa kazi ya namna hii nimekutana nayo mara nyingi mno, na leo naomba tuizungumze mpaka iishe. Watu wanadhani taarifa ya shughuli na taarifa ya kilichojifunzwa ni habari moja inayosemwa kwa maneno mawili tofauti. Ya kwanza inatoka kwenye ratiba. Ya pili inatoka kwenye makaratasi waliyoyaandika washiriki wenyewe, na kama hujayafungua makaratasi hayo huna cha kuandika, hata Kiswahili chako kiwe kitamu namna gani.

Nitatumia mfano mmoja. Nimeujenga kwa kuchanganya taarifa za aina hii ninazozifahamu, na tarakimu zake ni za mfano tu. Ni warsha ya siku tatu ya watunza stoo 22, kuhusu kadi za stoo na kuhesabu bidhaa. Aya ya siku ya pili inasomeka hivi:

"Siku ya pili ilianza saa 3:00 asubuhi kwa muhtasari wa siku ya kwanza. Mwezeshaji aliwasilisha mada ya ujazaji wa kadi za stoo. Baadaye washiriki waligawanywa katika vikundi vinne, wakajadili na kuwasilisha kazi zao. Majadiliano yalikuwa mazuri na washiriki walishiriki kikamilifu."

Ukiisoma aya hii, jiulize: kama washiriki wote wangetoka pale bila kuelewa lolote, kuna sentensi ambayo ingebidi ibadilike? Hakuna hata moja. Sasa weka "walijifunza kujaza kadi za stoo" mahali pa "mwezeshaji aliwasilisha", kisha urudie swali. Bado hakuna. Ndiyo maana kubadili vitenzi kunanikera: msomaji anadhani ameonyeshwa ushahidi, kumbe ameonyeshwa matumaini ya mwandishi.

Kumbe ushahidi ulikuwepo, umelala kwenye bahasha. Asubuhi ya siku ya kwanza washiriki walipewa zoezi moja, na alasiri ya siku ya tatu wakapewa jingine la mtindo uleule lenye bidhaa nyingine. Zoezi lilikuwa fupi: kadi inaanza na salio la maboksi 140. Yanapokelewa 60, yanatolewa 85, na 12 yanaondolewa kwa sababu muda wake wa matumizi umepita. Salio la kadi ni 103. Ukienda rafuni na kuhesabu unakuta 99. Jaza kadi.

Wengi wanadhani ugumu wa zoezi hili uko kwenye kujumlisha na kutoa, lakini uko kwenye yale maboksi 4 yaliyopungua. Mtunza stoo asiyeelewa kazi ya kadi atafuta 103 na kuandika 99, na kwake mambo yamekaa sawa. Anayeelewa ataacha 103 isomeke, ataongeza mstari mpya wenye tarehe, ataandika kwamba hesabu ya rafuni imeonyesha upungufu wa 4, ataweka saini, kisha ndipo salio jipya linakuwa 99. Kadi ya kwanza imeuficha upungufu. Ya pili imeuacha uonekane, na miezi sita baadaye mtu anaweza kuufuatilia.

Nilichokuwa namtaka mwandishi afanye ni kukaa na zile karatasi 44 na kuzigawa kwa aina ya kosa, si kwa alama. Hili narudia kwa sababu wengi hukimbilia wastani. Wastani wa darasa ukipanda kutoka asilimia 48 hadi 71, mkuu wa idara anafanya nini na habari hiyo? Hajui ni nani anahitaji nini. Tena sehemu ya kupanda huko huenda ni mazoea ya maswali, hasa kama mtihani wa mwanzo na wa mwisho ni uleule neno kwa neno. Ukigawa kwa aina ya kosa, unapata aya hii:

"Siku ya kwanza, washiriki 17 kati ya 22 walipokuta upungufu rafuni walifuta salio la kadi na kuandika idadi waliyoihesabu. Siku ya tatu, 15 waliacha salio la awali lisomeke na kuuandika upungufu kwenye mstari wake, wenye maelezo na saini. Siku ya kwanza walifanya hivyo 3 tu. Watano bado walibadilisha salio moja kwa moja. Wawili walikosea kujumlisha na kutoa, na hao wanahitaji kusaidiwa hesabu kabla ya kadi."

Rudia sasa lile swali langu. Kama wasingeelewa, aya hii isingeweza kuandikwa. Na angalia kwamba haikutaja mwezeshaji, vikundi wala saa 3:00.

Kuna waandishi wanaoona aibu kutaja wale saba, wakihofu warsha itaonekana imeshindwa. Wasiwatoe. Msomaji makini akikuta kila mshiriki amefaulu kila kitu, anaacha kuamini hata yale ya kweli.

Tathmini ya kujipima wenyewe, ile ya "uelewa wako ni wa kiwango gani, 1 hadi 5", naitumia kwa tahadhari kubwa. Mtu anayefuta salio kila mwezi kwa miaka mingi hujipa 4 siku ya kwanza kwa moyo safi kabisa, kwa sababu hajui kwamba kuna mstari anaouacha. Siku ya tatu, akishaujua, anajipa 3. Kwenye jedwali anaonekana amerudi nyuma, ilhali yeye ndiye aliyejifunza zaidi. Ukitaka kutumia kipimo hiki, muulize mwishoni yote mawili kwa pamoja: kwa unavyojua leo, ulikuwa wapi ulipofika, na sasa uko wapi. Hata hivyo bado ni maoni yake juu yake mwenyewe, na karatasi ya zoezi ina uzito zaidi.

Tuje kwenye kinachobadilika kazini, kwa sababu huku ndiko taarifa nyingi zinakofia. Mwaka 1959 Donald Kirkpatrick alieleza ngazi nne za kutathmini mafunzo: washiriki walivyoyapokea, walichojifunza, wanachokifanya kazini, na matokeo kwa taasisi. Taarifa inayoandikwa wiki moja baada ya warsha inaweza kuzungumzia mbili za kwanza tu kwa uhakika. Ya tatu bado haijatokea. Kwa hiyo usiandike "utunzaji wa kumbukumbu umeimarika". Andika nani amekubali kufanya nini, lini, na tutajuaje.

Mpango kazi wa kundi moja ulisema "kuboresha utunzaji wa kumbukumbu za stoo". Hauna mtu, hauna siku, na hakuna kitu unachoweza kwenda kukitazama. Baada ya kuulizwa maswali ukawa hivi: kila Ijumaa ya mwisho ya mwezi, mtunza stoo atahesabu bidhaa 10 zinazotoka kwa wingi, akiwa na mtu mwingine asiyehusika na stoo, tofauti yoyote itaandikwa kwenye mstari wake siku hiyohiyo, na msimamizi atasaini kadi. Hapo unaweza kufika stoo, ukachukua kadi yoyote kati ya hizo 10, ukaona limefanyika au halijafanyika.

Lakini hata huu haujatosha. Kwenye bango la maswali ya washiriki, lile linalobandikwa ukutani na kukunjwa mwishoni bila kusomwa, mmoja alikuwa ameandika: "Nikiandika upungufu, nitakatwa mshahara?" Swali hili lina thamani kuliko kurasa zote za muhtasari wa mada, na taarifa ya kwanza haikulitaja. Linaeleza kwa nini watu 17 walikuwa wakifuta. Huenda baadhi yao walijua mstari unaandikwaje, ila hawakuona usalama wa kuuandika. Kama hivyo ndivyo, kuwafundisha tena hakutabadilisha chochote, kwa maana kikwazo kiko kwa msimamizi.

Kwa hiyo sehemu ya mabadiliko lazima iseme sharti lake: "Utaratibu huu utafanyika endapo wasimamizi watatoa maelekezo ya maandishi kwamba upungufu ulioandikwa kwa wakati utachunguzwa kwanza, na mtunza stoo hatakatwa fedha kabla ya uchunguzi. Washiriki wameliuliza jambo hili na halijajibiwa." Waandishi huniambia sentensi ya namna hii ni kali. Mimi naona ndiyo sentensi pekee katika taarifa nzima ambayo mkuu wa idara anaweza kuifanyia kazi kesho asubuhi.

Na kama hakukuwa na zoezi la mwanzo wala la mwisho? Inatokea sana. Kusanya kilichobaki: mabango ya vikundi, mazoezi ya katikati, kadi zilizojazwa kwa majaribio, maswali yaliyoulizwa. Kutokana na hivyo unaweza kusema washiriki waliweza nini mwishoni. Huwezi kusema waliongezeka kiasi gani, kwa kuwa hujui walianzia wapi, na liandike hilo waziwazi. Kazi ya kikundi nayo uiseme kuwa ni ya kikundi; mara nyingi mmoja ameandika na wanne wametazama.

Nina mashaka ambayo sijayamaliza. Kujaza kadi vizuri mezani, ukiwa umetulia, si sawa na kuijaza gari likiwa linasubiri kupakuliwa na watu watatu wanakuita. Sijui kwa uhakika zoezi la darasani linatabiri kiasi gani cha kinachofanyika pale. Na kadi zikija kuwa safi baadaye, huenda ni kwa sababu ya warsha, au ya msimamizi mpya, au ya ukaguzi uliokaribia. Nikiwa na stoo ambazo hazikuhudhuria naweza kulinganisha; nisipokuwa nazo, naandika kilichoonekana bila kuipa warsha sifa yote.

Ratiba, orodha ya mahudhurio na majina ya mada usivitupe. Wahasibu na wafadhili wanavihitaji, na nafasi yake ni kwenye viambatisho. Mwili wa taarifa ubaki na kurasa mbili au tatu: waliweza nini kabla na baada, nani bado, nani atafanya nini, na nini kinaweza kuwazuia. Kisha tenga tarehe ya kufuatilia, siku 60 baada ya warsha, na iandike humohumo kwenye taarifa pamoja na jina la atakayefuatilia. Asiulize "je, mnatumia mliyojifunza?", maana jibu linajulikana. Aombe picha za kadi tatu atakazozichagua yeye, za mwezi uliopita, na atafute ule mstari.