Nahodha alaumiwe kwa lipi? Kulazimishwa, kutojua na uzembe katika ajali za ziwani

Chombo kikizama Ziwa Victoria, husikika kauli mbili kabla hata miili haijamalizika kuopolewa. Wapo wanaosema ajali haina kinga, na wapo wanaotaka nahodha akamatwe. Zote zilisikika baada ya kivuko MV Nyerere kupinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, na waliokufa walizidi 220. Kauli ya kwanza inamsamehe kila mtu, ya pili inamtwisha mmoja mzigo wote, na zote mbili zinaruka kazi ya kuuliza ni nani aliyekosa, alikosa nini, na alikosa saa ngapi. Mimi nafundisha maadili hapa Mwanza, na naiona kazi hiyo kuwa haki ya wafiwa na haki ya mtuhumiwa pia.

Tuchukue mfano wa kutunga, ila wenye mambo ambayo mtu wa Mwaloni Kirumba atayatambua. Boti ya mbao yenye injini ya kupachika inatoka kisiwa kimoja cha Ukerewe kuja Mwanza. Kibali chake ni abiria 20. Siku hiyo imebeba abiria 31 na magunia ya dagaa. Katikati ya safari upepo unabadilika na mawimbi yanaanza kuingia ndani. Nahodha anaamuru magunia yatupwe ziwani. Boti inapata ahueni kidogo, kisha ubao mmoja wa chini unaachia, maji yanajaa na boti inapinduka. Wavuvi waliokuwa jirani wanaokoa wengi, lakini abiria wawili wanakufa maji.

Tuanze na magunia, kwa kuwa hapo jibu ni jepesi. Mama mwenye dagaa amepoteza mtaji, na aliyeutupa ni nahodha, kwa akili timamu na kwa makusudi. Hata hivyo hakuna anayemwambia, “Tumekusamehe kwa kutupa dagaa.” Hakuna cha kusamehe, maana kutupa mzigo ili watu wapone ndicho kitendo sahihi kwa saa ile. Aristotle alitumia mfano wa nahodha anayetupa shehena wakati wa dhoruba zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Aliona kwamba hakuna anayetupa mali kwa hiari katika hali ya kawaida, lakini katika hali ile kila mwenye akili angeitupa. Huko ni kuhalalisha tendo, yaani kusema lilifanyika na lilistahili kufanyika. Udhuru ni kitu kingine. Anayetoa udhuru anakubali kwamba tendo lilikuwa baya, ila anaomba lisihesabiwe kwake, au lihesabiwe kwa uzito mdogo. Mtu akichanganya hayo mawili atamwonea nahodha kwenye dagaa na kumwachia kwenye vifo.

Kwenye abiria 31 nahodha hawezi kuhalalisha. Lile lilikuwa kosa. Imebaki kuuliza kama ana udhuru.

Udhuru wa kwanza anaoutoa ni tajiri wake, mwenye boti. Anasema, “Tajiri aliniambia nikiacha abiria ufukweni, kesho nisiguse injini yake.” Sisemi anadanganya. Kazi ya boti haina mkataba, na vijana wanaoisubiri ni wengi. Lakini sheria yetu ya jinai inaubana sana udhuru huu. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinamwondolea mtu hatia pale tu anapolazimishwa na wakosaji wenzake kwa tishio la kumuua au kumjeruhi vibaya papo hapo, na tishio hilo liwe juu yake muda wote wa tendo. Tishio la madhara ya baadaye halitoshi. Majambazi wa ziwani waliomwekea nahodha bunduki kichwani ili awavushe wangeingia hapo. Tajiri anayetishia ajira haingii.

Maadili yana nafasi pana kidogo kuliko kifungu hicho, na nadhani ni sawa yawe nayo. Swali la maadili ni kama tishio lilikuwa zito kiasi kwamba tusingeweza, kwa haki, kumtaka mtu wa kawaida asimame imara. Kipimo chake kina pande mbili. Upande mmoja ni kile alichotishiwa kupoteza, na upande wa pili ni hatari aliyowawekea wengine. Tajiri angemtishia ajira ili apandishe nauli kinyume cha utaratibu, wengi wetu tungemwelewa nahodha akikubali. Hapa ajira imewekwa upande mmoja na roho za watu 31 upande wa pili, watu ambao hawakuulizwa na ambao wengi wao hawakujua kibali cha boti ni cha watu wangapi. Kwa hiyo tishio lile linapunguza lawama, haliifuti.

Wapo pia wanaodhani kwamba kila lawama anayopewa tajiri inapungua kwa nahodha. Lawama haigawanywi kama samaki kwenye sinia, kwamba mmoja akichukua kichwa mwenzake abaki na mkia. Tajiri anaweza kubeba lawama kamili kwa kuitumia njaa ya mtu, na nahodha akabeba yake kwa kuondoa chombo.

Udhuru wa pili unahusu ule ubao. Nahodha anasema hakujua kwamba umeoza. Hapa inabidi twende taratibu, kwa sababu maneno “sikujua” yanaweza kubeba hali tatu zisizofanana.

Katika hali ya kwanza, fundi alipachika ubao mbovu, akaufunika kwa kalafati na rangi mpya, kisha akasema kazi imekwisha. Nahodha aliikagua boti kama nahodha mwangalifu anavyokagua: akapapasa maungio, akaangalia maji ya chini asubuhi, hakuona kitu. Huyu hana lawama kwa ubao. Hata sheria, kwa kifungu cha 11, inampima mtu kwa hali aliyoiamini kuwa ya kweli, mradi imani hiyo iwe ya dhati na yenye msingi. Ile kauli ya mahakamani kwamba kutojua sheria si utetezi haihusiki hapa, kwani yeye hakuwa gizani kuhusu sheria bali kuhusu ubao.

Katika hali ya pili, hakukagua. Wiki moja kabla, kijana anayekumba maji alimwambia, “Kaka, siku hizi maji yanazidi.” Akajibu wataangalia, na hawakuangalia. Siku ya ajali ni kweli hakujua. Lakini kutojua huko kuna chanzo chake: kuna siku alipokuwa na habari ya kutosha, muda wa kutosha na uwezo wa kukagua, akapuuza. Lawama ya siku ya ajali inapata mizizi katika siku ile. Ndiyo maana mchunguzi mzuri haishii kumuuliza mtu alijua nini saa ya tukio. Anarudi nyuma hatua kwa hatua kutafuta mahali ambapo mtu huyo bado alikuwa na macho na akachagua kuyafumba. Akifika mwanzo asipaone mahali hapo, “sikujua” inasimama kama udhuru kamili.

Hali ya tatu ni kujitia hamnazo. Nahodha anashuku kwamba ubao ni mbovu, na hakagui kwa sababu anajua akiukuta umeoza itabidi boti ipandishwe nchi kavu wiki nzima bila kipato. Huyu kutojua kwake amekutengeneza kwa mkono wake, na mimi namweka karibu sana na aliyejua.

Sasa uzembe, ambao kwangu ndio mgumu kuliko vyote. Tuseme kuhusu idadi ya abiria nahodha anajibu hivi: “Sikuhesabu. Palikuwa na purukushani, simu inaita, nikasahau.” Hakulazimishwa, hakudanganywa, na hakuna dakika ambayo aliitazama hatari akaamua kuikubali. Hatari haikumpitia akilini kabisa. Tunamlaumuje mtu kwa wazo ambalo hakuwa nalo?

Baadhi ya wanafalsafa hujibu kwamba, tusipopata uamuzi wa makusudi huko nyuma, hatuna haki ya kumlaumu. Siungani nao. Naona jibu la mwanafalsafa wa sheria H. L. A. Hart lina nguvu zaidi: tuulize kama mtu alikuwa na uwezo wa kawaida wa kukumbuka na kuangalia, na kama alipata nafasi ya haki ya kuutumia. Aliyepatwa na kifafa au homa kali palepale ufukweni hakuwa na uwezo huo. Mgeni aliyeshikishwa usukani bila mafunzo hakuwa nao pia, na lawama inamfuata aliyemshikisha, na yeye pia kama alikubali huku akijua hawezi.

Nahodha wetu hakuwa katika hali hizo. Naomba msomaji aangalie jambo moja dogo katika kisa hiki: nauli. Kabla ya kuondoka alipita mbele hadi nyuma ya boti akikusanya fedha kwa kila kichwa. Hakuna aliyepanda bure, na chenji zilirudishwa sawasawa. Maana yake idadi ya watu ilipita mikononi mwake noti kwa noti. Uwezo wa kuhesabu alikuwa nao na nafasi alikuwa nayo, ila umakini wake ulikwenda kwenye kile alichokijali. Kusahau kwa namna hiyo kunasema kitu kuhusu mtu, na hapo ndipo lawama ya uzembe inaposhika. Angesahau kila kitu kwa usawa, nauli na idadi na mafuta, ningeanza kushuku uchovu au ugonjwa, na lawama ningeipeleka kwanza kwa aliyempangia safari mfululizo bila kulala.

Bado lawama hiyo ni nyepesi kuliko ya nahodha aliyehesabu 31, akacheka, akawasha injini. Sheria nayo inatofautisha: uzembe wa kawaida unaweza kukuletea madai ya fidia, ila ili uhukumiwe kwa kuua bila kukusudia, uzembe wako lazima uwe mkubwa kiasi cha kustahili adhabu ya jinai.

Limebaki deni la mama wa dagaa. Tulisema kutupa magunia kulikuwa sahihi, na hilo halijabadilika. Lakini kuhalalishwa kwa tendo hakumaanishi hasara ibaki kwa mmoja. Desturi ya kale sana ya baharini, ambayo bado imo katika sheria za meli, husema kwamba mzigo ukitolewa kafara ili chombo kiokoke na kikaokoka, wenye chombo na wenye mizigo iliyosalia wanachangia hasara ya aliyetupiwa. Boti yetu haikuokoka, kwa hiyo mchango huo hauna pa kushika, ila mama hajaishiwa na hoja. Magunia yalitupwa kwa sababu boti ilizidiwa na uzito, na ilizidiwa kwa sababu watu 11 walipanda ambao hawakupaswa kupanda. Nahodha alifanya sahihi saa ya dhoruba ndani ya hatari aliyochangia kuitengeneza saa mbili kabla, pamoja na tajiri wake. Mama akija kudai mtaji wake, wa kuanza nao ni hao wawili.